Glasi za Wageni Wakubwa

Mvinyo mbovu hauna kelele. Nyama ikiharibika, nzi watakuambia. Samaki akioza, utaambiwa na jirani kabla hujafunua sufuria. Lakini mvinyo mbovu unakaa kwenye glasi umetulia, unameta vizuri, na kama huna pua utaunywa wote na useme asante. Mimi pua ninayo. Wajukuu wangu wakinipeleka kula hotelini, weita akishafungua chupa wanamwonyesha mimi. "Mpe Dani aonje," wanasema. Dani kwetu ni nyanya. Nainusa ile glasi, meza nzima imenyamaza, na mimi siharakishi.

Wao wanaona ni mchezo. Hawajui kwamba kulikuwa na mchana mmoja ambapo harufu ya glasi ilikuwa ndiyo kazi yangu yote.

Ilikuwa miaka ile magugu yalipofunika ghuba ya Kisumu. Ulikuwa ukisimama kwenye bustani ya hoteli unadhani mbele yako kuna shamba, wala si maji. Nilikuwa mjane, nimesoma mpaka darasa la tatu, nafua mashuka katika hoteli moja ya pale ufuoni. Sisi wanawake wa dobi, yaani chumba cha kufulia, tulikuwa vibarua. Ukiugua ukikaa nyumbani, siku ya kurudi unamkuta mwenzako ameshika karai lako. Na mimi nilikuwa nimeanza kukohoa. Ile dawa ya kung'arisha mashuka ilikuwa inaniingia kifuani, usiku nalala nimekaa.

Mkubwa wa maweita alikuwa mzee aliyetoka upande wa Nyeri akiwa kijana, akazoea joto la Kisumu na hakurudi. Siku moja alikuja dobi kuchukua vitambaa vya meza. Nikamwambia vile vitatu vya juu asichukue, vilikunjwa na unyevu.

"Umejuaje na hujavigusa?"

"Vinanuka."

Akavinusa. "Mimi sisikii kitu."

"Basi peleka, Mzee. Wageni watasikia."

Akavipeleka mwanga wa mlangoni, akavinusa tena, akavirudisha. Baada ya siku kadhaa akaja kwangu peke yake. Weita aliyekuwa akishughulikia mvinyo alikuwa amehamia Nairobi, na mzee akataka kujua kama ningependa kujaribu ukumbini. Nikamwuliza kama ananicheka. Akasema, "Mama, hiyo pua unaimalizia kwenye mashuka."

Alinifundisha ndani ya pantri, kile chumba cha vyombo karibu na ukumbi, saa za alasiri wageni wakiwa wamelala. Alikuwa mkali. Kila chupa iliyorudishwa aliiweka kando ili ninuse. Iliyogeuka siki hiyo hata mtoto anaijua, inachoma puani. Mvinyo mweupe ukiwa na rangi ya chai na harufu ya tofaa lililopondeka, hewa imeingia. Ukinuka yai au kiberiti kilichowashwa sasa hivi, usikimbilie kuuhukumu. Uzungushe kwenye glasi, ungoje, mara nyingi ile harufu inaondoka yenyewe. Vipande vya kizibo vikielea, hiyo si kasoro ya mvinyo, ni mkono wako mbaya wa kuzibua.

"Na huu?" Akanipa glasi.

Nikanusa. Nikaona dobi yetu msimu wa mvua. "Katoni iliyonyeshewa," nikasema.

"Huo ni ugonjwa wa kizibo. Unatoka kwenye kizibo chenyewe, hakuna aliyekosea hapa kwetu. Chupa moja inaweza kuwa nao na jirani yake wa katoni moja ni mzima kabisa. Hauui mtu. Unaua ladha tu. Lile yai linaondoka ukingoja, lakini huu ukingoja ndio unazidi. Na ukiwa baridi sana unajificha."

Shida yangu haikuwa pua. Shida ilikuwa yale malezi. Kwetu ukiwekewa kitu na mwenye nyumba hukinusi mbele yake. Unakula, unashukuru, hata kama chumvi imezidi. Na wageni wetu wengi walikuwa hivyo hivyo. Unamwekea mtu tone la kuonja, anameza haraka kama mtu anayekunywa dawa, anatikisa kichwa kukubali. Nilimwona bwana mmoja wa Milimani, mtaa wa matajiri, suti na kila kitu, akitikisa kichwa kwa chupa ambayo baadaye mke wake aliiacha yote. Walilipa wakaenda.

"Hakuulizwa kama anaupenda," mzee akaniambia. "Angeulizwa hivyo, kila mtu angerudisha chupa. Anaulizwa kama ni mzima. Kukataa mvinyo mgonjwa si kumtukana mtu. Ukilielewa hilo, umemaliza shule yangu."

Meneja hakunitaka. Alikuwa kijana mwenye vyeti, viatu vinang'aa, na alikuwa na hofu kubwa ya mwenye hoteli. Aliniita "mama wa dobi" mbele ya watu. Ikakubaliwa kwamba mwenye hoteli akija kula na mkewe, nitamhudumia mimi. Nikipita, naandikwa kazi ukumbini, kazi ya kudumu. Nikianguka, narudi kwenye karai, na meneja aliniambia wazi kwamba suala hilo halitafunguliwa tena.

Wiki ile mji haukuwa na maji. Magugu yalikuwa yameziba pale maji yanapovutwa, na sisi tunaoishi kando ya ziwa tukawa tunanunua maji kwa mikokoteni kama watu wa jangwani. Hotelini yalikuwa ya madumu, na jiko na baa vilipewa kwanza.

Meneja akatoa amri zitolewe glasi nzuri. Zilikuwepo katika stoo, ndani ya katoni zao, nyembamba, za miguu mirefu. Hazikuwa zimetoka humo tangu zinunuliwe, ila labda mara moja. Kila nyumba ya kwetu ina vyombo vya namna hiyo. Vikombe vizuri vinakaa kabatini vikingoja mgeni mkubwa, watoto wanachapwa wakivigusa, na wenyewe mnanywea vikombe vya bati. Hoteli nayo ilikuwa na glasi zake za wageni wakubwa.

"Zioshwe?" mkubwa wa maweita akauliza.

"Maji yako wapi, Mzee? Ni safi hizo. Futeni tu zing'are."

Tukazifuta. Ziling'aa kweli kweli.

Mwenye hoteli alifika adhuhuri. Mzee mnene, mtaratibu, mwenye macho ya kuchunguza dari. Mkewe alikuwa amevaa kitenge na miwani, hakusema mengi. Wakaagiza samaki, ngege wa kukaanga, na mvinyo mweupe kwanza. Nikaenda pantri, nikazibua, nikajimiminia tone kwenye glasi yangu, ile nene ya kila siku, kama nilivyofundishwa. Nikanusa. Ndimu, majani, safi. Chupa nzima.

Nikamwonyesha karatasi ya chupa, nikammiminia kidogo. Akainua glasi, akaingiza pua. Akaitoa. Akaiingiza tena.

"Huu una kizibo," akasema.

Nilijua chupa ni nzima. Na nitasema ukweli, moyoni nilifikiri huyu mzee anajionyesha kwa mkewe. Wako wanaume wa hivyo, wamesikia neno moja Nairobi wanalitembeza kila hoteli. Lakini nilikuwa nimefundishwa: mgeni akikataa, hubishani, unaondoa. Nikasema, "Pole, Mzee, naleta nyingine," nikachukua chupa na ile glasi.

Nikazibua ya pili. Nikanusa kwenye glasi yangu, mara mbili, polepole. Nzima. Nikachukua glasi nyingine nzuri, mpya, nikaenda nikammiminia.

Safari hii hata hakuinua sana. "Mama," akasema, "unanifanya mjinga? Ni ile ile."

"Hapana, Mzee. Hii ni chupa nyingine."

"Basi stoo yako nzima imeharibika."

Meneja alikuwa amesimama karibu na dirisha. Akanifuata pantri, sauti yake chini lakini shingo imemvimba. "Nilisema. Nilisema mapema. Mwanamke wa kufua mashuka atajua mvinyo wapi? Unapeleka chupa mbovu mbili kwa mwenye mali."

"Chupa si mbovu."

"Kwa hiyo mwenye hoteli ndiye mbovu?"

Nilikuwa nimeanza kuogopa kitu kingine kabisa. Labda kikohozi kimeniharibia pua. Labda ile dawa ya mashuka ilikuwa imeila kidogo kidogo na mimi sijui, najidai nanusa na hakuna kitu. Hilo liliniuma kuliko maneno ya meneja. Nikashika glasi aliyoirudisha mwenye hoteli, ikiwa bado na tone lake, nikanusa.

Katoni iliyonyeshewa. Iko pale, wazi, imejaa glasi.

Nikanusa mdomo wa chupa. Hakuna. Nikanusa glasi yangu nene. Hakuna. Nikarudi kwenye ile nzuri. Iko.

Mkubwa wa maweita alikuwa ameingia na sahani. Nikampa zote mbili. Akanusa moja, akanusa nyingine, akasimama akiangalia ukuta. Halafu akachukua glasi nzuri iliyokuwa kavu kwenye trei, haijaguswa na mvinyo wowote, akaipindua, akaingiza pua.

"Ni glasi," akasema.

Niliinusa hiyo kavu nami. Stoo ile ilikuwa inavuja kila mvua za masika. Katoni zilikuwa zimelowa na kukauka, zikalowa tena, na zile glasi zimekaa humo mdomo chini, zikilea harufu miaka. Tulizifuta nje zikang'aa. Ndani zilikuwa dobi. Basi mwenye hoteli hakuwa anajionyesha. Pua yake ilikuwa sawa, na yangu ilikuwa sawa, na tulikuwa tunanusa vitu viwili.

"Napeleka hizi za kila siku," nikasema. "Zimeoshwa leo asubuhi."

Meneja akaweka mkono juu ya trei. "Hizo za baa? Kwa mwenye hoteli? Utampa mzee glasi ya wanywaji bia?"

"Ndizo safi."

"Na utamwambia nini? Kwamba tulimpa glasi chafu? Unajua aliyezinunua ni nani? Ni mkewe."

Hapo hata mzee wa Nyeri aliinamisha kichwa. Nilimwona anafikiri. Naye alikuwa na kazi ya kulinda. Akasema polepole, "Bwana Meneja, chupa ya tatu kwenye glasi hizi itarudi pia. Na ya nne."

Meneja hakuondoa mkono. Nikauondoa mimi. Niliushika kiganja nikauweka kando kama unavyouondoa mkono wa mtoto kwenye chapati, nikapanga glasi nne nene kwenye trei, nikabeba ile chupa ya pili iliyokataliwa, nikatoka.

Ukumbi ule si mkubwa lakini siku hiyo ulirefuka. Nilifika nikaziweka glasi mezani. Mwenye hoteli akaziangalia, akaniangalia.

"Mzee," nikasema, "harufu uliyosikia ipo kweli. Nami nimeisikia. Haiko kwenye mvinyo. Iko kwenye glasi, zilikaa ndani ya katoni zikashika unyevu, na leo hakukuwa na maji ya kuziosha. Hii ni chupa ile ile uliyoikataa. Naomba uinuse tena hapa."

Nikamimina. Chupa ikagonga ukingo wa glasi, tik. Akanusa. Akaonja. Akachukua glasi nzuri tupu iliyokuwa mbele ya mkewe, ambayo bado haijatiwa kitu, akainusa, akampa.

Mkewe akavua miwani. "Mama yangu," akasema, "hizi ndizo nilizoleta mimi?"

"Ndizo."

"Kwa nini hamkuzitumia?"

Nikasema, "Tulikuwa tunazihifadhi kwa ajili yenu, Mama."

Akacheka, peke yake kwanza, halafu mumewe akatabasamu kidogo. "Mimina," akaniambia. Nikamimina. Wakala ngege wao, na mimi nikaziondoa zile glasi nzuri, nikarudi pantri.

Ningependa kukuambia yaliisha hapo. Waliagiza nyama, na kwa nyama wakataka mvinyo mwekundu. Chupa moja tu ya aina ile ilikuwa nje. Nyingine zilikuwa stoo. Nikaizibua, nikajimiminia, nikanusa kwenye glasi yangu nene.

Kwanza sikusikia kitu. Na hilo ndilo lililonishtua, kwa sababu mvinyo ule niliujua, ulikuwa na harufu ya zambarau iliyoiva, inayokujia kabla hujainama. Leo ilikuwa kimya. Nikazungusha, nikangoja, nikanusa. Nyuma kabisa, kama mtu aliye chumba cha pili: katoni.

Au nilikuwa bado nanusa zile glasi? Pua ikichoka inarudia jambo moja kama mlevi. Nikatoka nje mlangoni, nikavuta upepo wa ziwa na moshi wa jiko, nikarudi. Bado nilidhani ipo. Nilidhani. Sikuwa na hakika, na mkubwa wa maweita alikuwa amekwama na meza ya bustanini.

Meneja akanusa glasi yangu. "Hakuna kitu hapo."

"Kiko kidogo."

"Sikiliza, mama." Safari hii hakuniita wa dobi. "Umeponyoka. Umemwambia mvinyo wetu ni mzuri, ameamini, anakula, amefurahi. Ukirudi sasa umwambie huu una kizibo, atasema nini? Atasema yule mama anatapatapa. Mwekee. Atatikisa kichwa. Wote hutikisa kichwa."

Na alikuwa na akili, siwezi kumnyima. Mwenye hoteli alikuwa ameshamaliza kazi ya kunusa siku ile. Ningemimina, angetikisa kichwa, ningeandikwa kazi. Nilisimama pale na chupa mkononi nikakisikia kifua changu kikikwaruza. Kile kikohozi kilikuwa kinanipa ushauri sawa na wa meneja.

Lakini ningekuwa weita wa namna gani? Wa kumwekea mtu tone mbele yake na kuomba Mungu asilinuse.

Nikaenda na glasi mbili safi. Katika moja nikaweka kidogo, nikaisukuma kwa mwenye hoteli. "Mzee, huu sina hakika nao. Nashuku una kizibo, na safari hii ni mvinyo, si glasi. Ni hafifu. Nisaidie."

Uso wake ukabadilika. "Tena?"

"Tena."

Akanusa. Muda mrefu. "Mimi naona ni sawa," akasema, akaweka chini.

Meneja, dirishani, akafunga macho.

Sasa hapo mgeni amesema. Nilipaswa kumimina na kunyamaza. Nikasema, "Ungoje kidogo, Mzee. Kama ni kizibo kitaongezeka kikipata hewa. Kama nimekosea, mvinyo utafunguka na mimi nitakuomba radhi hapa hapa."

"Na kama umekosea unarudi kufua, nimeambiwa."

"Ndiyo, Mzee. Narudi kufua."

Nikasimama. Hakuniambia niondoke, basi sikuondoka. Akakata nyama, akatafuna. Nzi mmoja alikuwa anatembea kwenye mkate na hakuna aliyemfukuza. Mkewe ndiye aliyeivuta ile glasi kwake. Akaizungusha, akanusa, akakunja uso kidogo, akanusa tena, akaonja.

"Hauna tunda," akasema. "Ni kama maji yaliyokaa kwenye mbao." Akamrudishia mumewe. "Nusa sasa."

Alinusa. Niliona pua yake ikisimama njiani, kama mtu anayeingia nyumbani akakuta mlango wazi.

"Ee," akasema. "Ee, sasa ipo."

Akaisukuma glasi kwangu kwa kidole kimoja. "Ondoa. Lete nyingine. Na hiyo nyingine usiniletee mimi nionje. Onja wewe, ukisema ni nzima, mimina."

Nilikwenda stoo mwenyewe, nikachukua chupa katikati ya zile katoni zilizolowa, nikaizibua, nikanusa, na zambarau ikanijia kabla sijainama. Nikamimina glasi zote mbili zikafika kipimo. Hakuinua pua. Alikunywa tu.

Wakati wa kuondoka alimwambia meneja mambo mawili, yote mbele yangu. Paa la stoo lizibwe. Na huyu mama asiguse shuka tena.

Meneja alinikuta pantri nikiosha zile glasi nzuri kwa maji ya dumu, moja moja. Akasimama mlangoni.

"Ungenyamaza tu ungepata kazi ile ile," akasema.

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Nikampa glasi niliyokuwa nimemaliza kuiosha. "Nusa," nikamwambia. Akasita, akainua, akanusa.

"Bado?" nikauliza.

"Bado kidogo," akasema. Akakunja mikono ya shati lake jeupe, akanisogelea kwenye sinki.